Neema iliyolipishwa: namna nilivyokosea kutafsiri mkataba wa mkopo

Kosa hili ni langu, ndiyo maana ninaliandika mimi mwenyewe kabla watu wa avenyu yetu hawajalieleza kwa namna yao.

Hapa Ruashi, Lubumbashi, kuna mama mmoja anayefuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba yake. Tunamwita Mama ya Kuku. Kifaransa hajui zaidi ya kusalimia, lakini Kiswahili anakisoma vizuri kuliko vijana wengi wenye diploma, maana amesoma Biblia ya Kiswahili tangu akiwa msichana na kanisani ndiye anayesoma masomo. Mwaka huo aliomba mkopo wa dola 600 kwenye biro moja ya mikopo midogo. Walimkubalia, wakampa karatasi nne za Kifaransa aende nazo nyumbani, azielewe, kisha arudi kutia saini. Siku ya Jumapili jioni alikuja kwangu nazo zikiwa ndani ya bahasha.

«Mwanangu, wewe ni mtu wa habari. Nigeuzie hizi kwa Kiswahili. Sitaki unielezee tu kwa mdomo. Uniandikie, nisome mwenyewe usiku.»

Nilifurahi kuombwa hivyo. Nilidhani nitafanya kazi ya saa mbili. Kwa habari za mji ninatafsiri kila siku: hotuba za watu wakubwa, matangazo ya wilaya, mambo ya maji na umeme. Nikaketi na kamusi, nikageuza neno kwa neno, na mahali pa Kifaransa «periode de gras, miezi miwili» nikaandika: «kipindi cha neema, miezi miwili». Nikaona ni zuri hata.

Nilikuwa nimesahau ninamwandikia nani. Kwa mtu aliyesoma Biblia miaka arobaini, neema si neno la benki. Neema ni kile unachopewa bila kukistahili na bila kukilipia. Ukiambiwa una miezi miwili ya neema, maana yake miezi miwili hiyo umesamehewa. Mama ya Kuku alisoma usiku, akaelewa vile Kiswahili kinavyosema, akamshukuru Mungu, na tarehe 5 Machi akatia saini akapokea pesa.

Kumbe karatasi ilisema kitu kingine. Neno lenyewe la kazi, lile ambalo maajenti wa kredi wanalitumia, ni «difere», yaani kuahirisha. Na kinachoahirishwa ni kitu kimoja tu: kurudisha zile dola 600 zenyewe. Intere haiahirishwi. Inahesabiwa tangu siku pesa inapotoka, na kwa mkataba wake ilipaswa kulipwa kila tarehe 5 ya mwezi, kuanzia tarehe 5 Aprili. Dola 18 mwezi wa kwanza, dola 18 mwezi wa pili, ndipo kuanzia mwezi wa tatu anaanza kurudisha na mtaji.

Tarehe 5 Aprili ikapita. Siku chache baadaye ajenti wa kredi alipita nyumbani kumkumbusha, naye akamjibu kwa utulivu kabisa kwamba yuko katika neema. Kijana yule alicheka, akadhani mama anatania au anahubiri, akaondoka. Tarehe 26 Aprili ikaja barua. Mama aliileta kwangu bila kuifungua vizuri, ameishika kama mtu anavyoshika kitu cha moto.

Barua ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, deni la dola 18 limechelewa, na kila siku ya kuchelewa inaongeza penalite ya 1% ya kile kisicholipwa, yaani senti 18 kwa siku. Hilo si la kuua mtu. La pili ndilo lililonifanya niketi chini. Kama na malipo ya tarehe 5 Mei yangekosa, mkopo wote ungedaiwa siku hiyohiyo: dola 600 zote pamoja na intere, mara moja. Nikakimbilia karatasi yangu ya Kiswahili kuangalia kama nilikuwa nimemwandikia jambo hilo. Nilikuwa nimeliandika. Kifaransa kinaliita «desheansi di terme», na mimi, neno kwa neno, nilikuwa nimeandika kwamba mkopaji asiyelipa mara mbili «atapoteza muda». Mama alisoma hivyo akaona ni kawaida: nani asiyepoteza muda kwenye biro? Kumbe kinachopotea si saa za kukaa kwenye foleni. Ni ile ruhusa ya kulipa kidogo kidogo.

Alilipa tarehe 28 Aprili. Siku 23 za kuchelewa kwa senti 18 ni dola 4 na senti 14, jumla dola 22 na senti 14. Kuku wake walikuwa na wiki tano na nusu tu, maana vifaranga alivyoagiza vilichelewa kufika hadi tarehe 20 Machi. Aliuza sita kabla hawajajaa, kwa dola 4 kila mmoja, wakati angengoja siku kumi au kumi na mbili angeuza kwa 6. Kwa hiyo neema yangu ilimgharimu dola 12 za kuku na dola 4 za penalite. Hakunifokea. Alisema tu: «Sasa tukae, tusome tena yote. Pole pole.»

Tulisoma jioni tatu. Nilijifunza mengi kutoka kwa maswali yake kuliko kutoka kwa kamusi.

Jioni ya kwanza tulianza na intere. Katika tafsiri yangu nilikuwa nimejaribu maneno mawili. Kwanza niliandika riba, nikaifuta, kwa sababu katika Biblia yake riba ni dhambi ya mkopeshaji. Zaburi ya 15 inamsifu mtu asiyekopesha kwa riba. Na majirani zetu Waislamu wana sababu yao ya kulikimbia neno hilo. Nikaweka faida. Mama akaniuliza: «Faida ya nani? Mimi nilidhani ni faida yangu, ile nitakayopata kwa kuku.» Ni kweli. Sokoni faida ni ya muuzaji. Ukimwambia mkopaji «faida ni 3%» unaweza kumfanya aone anaahidiwa kitu. Tukaacha yote mawili, tukaandika intere kama watu wote wa mji wanavyosema, na pembeni tukaweka maelezo: ni kodi ya kutumia pesa ya mtu, kama unavyolipa kodi ya nyumba ya mtu. Hapo alielewa mara moja. Nyumba ukikaa unalipa, hata kama mwezi huo hukupata kazi.

Kisha akaweka kidole kwenye 3%. Nilikuwa nimeandika «tatu kwa mia kila mwezi», nikiona haiwezi kueleweka vibaya. Akauliza: «Hii mia, ni mia gani?»

Sikuelewa swali.

«Mia ambayo ningali nayo mkononi, ama hata ile mia niliyokwisha kurudisha?»

Niliangalia tena Kifaransa, na hapo nikaona neno dogo ambalo nilikuwa nimeliruka kwa sababu sikuona umuhimu wake: «to konstanti». Hilo neno lilikuwa jibu la swali lake, na lilikuwa na bei.

Tulipiga hesabu kwenye daftari la mtoto wake. Mkopo ni dola 600 kwa miezi minane. Miezi miwili ya kwanza hailipi mtaji. Miezi sita inayofuata, kuanzia Juni hadi Novemba, anarudisha dola 100 kila mwezi. Kama to ni konstanti, 3% inapigwa kila mwezi juu ya zile 600 za mwanzo, hata zikisharudi. Kwa hiyo intere ni dola 18 mwezi wa kwanza na dola 18 mwezi wa nane. Mara nane ni dola 144. Kama ingekuwa ile wanayoiita «degresif», inayoshuka, 3% ingepigwa juu ya kile kilichobaki tu. Miezi miwili ya kwanza na mwezi wa tatu bado ni 18, kwa sababu 600 zote ziko kwake. Baada ya hapo inashuka: 15, 12, 9, 6, na mwezi wa mwisho 3. Jumla ni dola 99.

Tofauti ni dola 45, na zote mbili kwenye ukurasa wa kwanza zimeandikwa «3% kwa mwezi». Mama aliitazama mistari ile ya mwisho kwa muda mrefu. Mwezi wa Novemba atakuwa amebaki na dola 100 za biro mkononi na atalipa intere ya 18. «Basi mwezi ule si tatu kwa mia,» alisema. «Ni kumi na nane kwa mia.» Sikuwa na la kuongeza.

Lazima niseme kwamba to konstanti si wizi. Imeandikwa, na wapo wanaoipenda kwa sababu malipo hayabadiliki kila mwezi na ni rahisi kuyakumbuka. Kinachonisumbua ni kwamba tafsiri isiyosema «juu ya pesa ipi» haijatafsiri kitu. Mtu anaweza kukataa biro ya 4% inayoshuka, akakimbilia ya 3% isiyoshuka akidhani ni nafuu, wakati kwa mkopo kama huu 4% inayoshuka ingekuwa jumla ya dola 132. Unaona. Namba kubwa ndiyo ndogo.

Jioni ya pili ilikuwa ya garanti, na hiyo ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu hilo ni neno ambalo kila mtu Lubumbashi analijua. Ndilo tatizo lake. Kwetu garanti ni zile pesa za miezi kadhaa unazompa mwenye nyumba siku ya kuingia, na siku ya kutoka anakurudishia akiwa mtu mwema. Ni pesa yako iliyolala kwa mtu. Mama ya Kuku aliona neno garanti katika mkataba, na mimi niliacha hivyohivyo, maana niliona ni la kawaida. Lakini chini ya neno hilo moja mkataba uliweka vitu vitatu visivyofanana hata kidogo.

Cha kwanza kilikuwa dola 60 alizoweka kwenye akiba kabla ya kupewa mkopo, zikafungwa hadi mwisho. Hizo kweli ni kama garanti ya nyumba. Akilipa yote, zinarudi. Ila nilimwonyesha kwamba maana yake anatumia 540 za biro huku akilipa intere ya 600.

Cha pili kilikuwa konjelatere yake, ile anayowekea kuku waliochinjwa. Hapo mimi nilikuwa nimejaribu kuwa mwerevu nikaandika rehani. Neno ni sahihi, liko katika kamusi. Tena liko katika Biblia: Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani, kwa maana ni kuchukua maisha yake. Lakini katika sura ile rehani ni kitu kinachotoka mkononi mwako kinaenda mkononi mwa aliyekukopesha, hata kuna amri ya kumrudishia maskini vazi lake kabla ya jua kutua. Konjelatere haikutoka. Ilibaki jikoni. Kwa hiyo Mama alihitimisha kwamba haijawa rehani bado, na kwamba itakuwa rehani siku watakapokuja kuichukua. Mwezi wa Aprili, alipotafuta pesa ya kulipa, alikuwa amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa konjelatere hiyo. Ningemwacha, angeuza kitu kilichofungwa na mkataba, na hiyo si kesi ya kuchelewa tena. Inaweza kuwa kesi ya polisi.

Sheria ya garanti tunayoitumia, ile ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010, ambayo inatuhusu tangu nchi yetu ilipoingia OHADA mwezi wa Septemba 2012, inakubali kitu kiwekwe rehani huku kikibaki kwa mwenyewe. Ni jambo jema, maana kuku wa Mama wangeoza bila konjelatere. Lakini halina picha yake katika Kiswahili cha zamani. Tukaandika sentensi nzima badala ya neno: «Konjelatere inabaki kwangu na ninaitumia, lakini siwezi kuiuza, kuipa mtu wala kuiweka kwa deni lingine hadi nimalize kulipa. Nisipolipa, biro inaweza kuidai iuzwe.» Ni ndefu. Inaeleweka.

Cha tatu kilikuwa mtu: shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, aliyetia saini ukurasa wa mwisho. Mama alimwita siku ile kwa simu, akaja na baiskeli. Nikamwuliza alitia saini kama nani. Akasema: «Kama shahidi. Nilishuhudia kwamba amepokea.» Karatasi ilimwita avalisti, naye aliambiwa pale kwenye biro kwamba ni «mtu wa kumsimamia mama». Kusimamia, kwa mtu wa kanisa, ni kazi ya baba wa ubatizo au wa ndoa. Unashauri, unasuluhisha, unaleta mbuzi siku ya sherehe. Hudaiwi.

Avalisti anadaiwa. Na chini ya sheria hiyohiyo ya OHADA, dhamana ya namna hii inahesabiwa kuwa ya pamoja isipokuwa mkataba useme vingine, maana yake biro haina lazima ya kumaliza kwanza mali ya Mama ndipo imfuate shemeji. Inaweza kuanza na yeye. Nilipomweleza hivyo alinyamaza, akachukua karatasi akaitazama tena, ingawa Kifaransa hakisomi.

Hapa nilipata kitu ambacho wasomaji wengi watapenda kukijua. Kifungu cha 14 cha sheria hiyo kinataka anayemdhamini mwingine aandike kwa mkono wake mwenyewe, kwa maneno na kwa namba, kiasi cha juu kabisa anachokubali kudaiwa. Viwili hivyo visipolingana, kinachohesabiwa ni cha maneno. Na kama hajui au hawezi kuandika, anahitaji mashahidi wawili wanaothibitisha ndani ya karatasi kwamba alikuwepo na kwamba alielezwa tabia ya jambo analoliingia na matokeo yake. Katika karatasi ya shemeji kiasi kilipigwa kwa mashine, chini yake saini yake tu. Mimi si wakili, na sikumwambia kwamba amekombolewa. Nilimwambia aende biro aulize. Alikwenda na Mama. Mkubwa wa biro hakubishana: alitoa karatasi mpya, shemeji akaandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili, «dola mia saba arobaini na nne», ambayo ni mtaji pamoja na intere yote, na safari hii akijua anachoandika. Alikubali kubaki. Alisema mke wa kaka yake hawezi kuachwa peke yake. Lakini sasa anamwuliza kila mwezi kama amelipa, jambo ambalo shahidi halifanyi.

Tambueni kwamba kifungu hicho kinamlinda mdhamini. Mkopaji mwenyewe hana ulinzi kama huo. Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na mikataba inaendelea kuandikwa kwa lugha rasmi. Nayo sheria yetu ya mikataba, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 33, inasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Kwa ufupi, ukishatia saini, tafsiri yangu si kitu. Ndiyo maana juu ya karatasi mpya niliandika kwa herufi kubwa kwamba ikitofautiana na Kifaransa, Kifaransa ndicho kinachofuatwa, na Mama aende biro akaulize kabla ya kufanya lolote.

Jioni ya tatu tulirudi kwenye neema yenyewe. Nilitaka kuandika «muda wa kungoja». Mama akakataa: kungoja ni kukaa bure. «Muda wa kupumzika» ulikuwa mbaya zaidi. Mwishowe yeye ndiye aliyeitoa sentensi, nami nikaandika tu: «Miezi miwili ya kwanza ninalipa intere peke yake, dola 18 tarehe 5 Aprili na dola 18 tarehe 5 Mei. Mtaji ninaanza kuurudisha tarehe 5 Juni, dola 118 kila mwezi pamoja na intere, mara sita.» Hakuna neno la ajabu hata moja ndani yake. Kuna tarehe na kuna pesa.

Kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza mimi siku ile ya Jumapili: je, miezi ile miwili ilimsaidia, au ilimgharimu? Tukahesabu tena. Bila difere, mkopo uleule wa konstanti ungekuwa wa miezi sita, intere 18 mara sita, dola 108. Pamoja na difere ni 144. Basi miezi miwili hiyo aliinunua kwa dola 36. Kwake haikuwa vibaya. Kuku wa nyama anataka wiki sita au saba kabla ya kuuzwa, na mtu ambaye hana kitu cha kuuza mwezi wa kwanza hawezi kurudisha dola 100. Alihitaji muda huo. Ila angejua kwamba dola 18 za Aprili zinaitajika kabla ya kuku yeyote kufika sokoni, angeziweka pembeni siku ileile ya kupokea mkopo, ndani ya zile 600, badala ya kuzimalizia kwenye chakula cha vifaranga. Kwa mkopo wenye difere, hiyo ndiyo hesabu ya kwanza kufanya: toa intere ya miezi ya kungoja kwanza, ndipo uone umebaki na kiasi gani cha biashara.

Wakati huo nilikuwa bado sijalala vizuri, kwa sababu Mama ya Kuku alikuwa amewaambia mama wawili wa soko habari za mkopo wenye neema, na karatasi yangu ilikuwa imezunguka. Niliwatafuta wote wawili. Mmoja alikuwa hajachukua kitu. Wa pili, anayeuza makala, alikuwa na mkataba wa dola 300 tayari kwenye meza, wenye masharti yaleyale, atie saini kesho yake. Tulihesabu pamoja chini ya mwembe wake. Makala yake yanaisha kila wiki, pesa inamrudia kila wiki, hakuna anachokingoja. Miezi minane ingemgharimu intere ya dola 72, miezi sita bila difere dola 54. Alikwenda akaomba difere iondolewe. Ajenti alishangaa, alisema hakuna mtu anayekataa miezi ya bure.

«Si ya bure,» mama wa makala akamjibu. «Ni dola kumi na nane.»

Wakaiondoa. Kuhusu konstanti aliomba pia wamgeuzie iwe ya kushuka, wakasema biro yao haina mkopo wa namna hiyo kwa kiasi kidogo. Akatia saini hivyo, akijua.

Mama ya Kuku alilipa tarehe 5 Mei, siku moja kabla kwa kweli. Kundi la pili la kuku lilimwendea vizuri kuliko la kwanza. Karatasi yangu ya zamani, ile ya neema, alinirudishia ikiwa imekunjwa mara nne. Ile mpya iko ukutani karibu na konjelatere, na kila anapolipa anachora mstari juu ya tarehe. Wiki iliyopita nilipita nikahesabu: mistari minne. Bado minne.